Kipindi Kilekile, Wimbo Uleule: Jinsi Vipindi vya Watoto Wadogo Vinavyofundisha



Kuna swali ambalo nimelisikia katika nyumba nyingi ninazotembelea: "Mtoto wangu ana miaka mitatu. Kila siku anataka kipindi kilekile kwenye televisheni. Nikibadilisha, analia. Je, akili yake haitabaki palepale?" Wengine wamechoka na wimbo mmoja unaoimbwa jikoni, bafuni na ndani ya basi, tena kwa Kiingereza ambacho mama au bibi hakielewi vizuri.

Mtoto huyo hajakwama. Vipindi vizuri vya watoto wa miaka 2 hadi 5 hutengenezwa makusudi ili virudiwe, na kurudia ndiko kunakofundisha. Lakini ipo sehemu ya kazi ambayo televisheni haiwezi kuimaliza peke yake, na hiyo imeachwa kwa watu wa nyumbani. Katika somo hili tutaangalia mifululizo miwili ya hapa Marekani ambayo watoto wetu wengi wanaijua, tuone imejengwaje, halafu tuone mzazi anayezungumza Kiswahili anaweza kuitumiaje. Nikisema "mfululizo" nina maana ya vipindi vyote vya jina moja. Nikisema "kipindi" nina maana ya kimoja tu kati ya hivyo.

Njia moja kila siku

Wengi wetu tuliosikiliza hadithi usiku tunakumbuka kwamba hadithi ilikuwa na mlango wake. Msimulizi alisema "Paukwa," na sisi tukajibu "Pakawa." Wengine kwao maneno ya kufungulia yalikuwa mengine, lakini yalikuwa yaleyale kila usiku. Katikati ya hadithi palikuwa na kiitikio ambacho sote tulikijua, na kilipofika tuliitikia bila kuambiwa. Hakuna aliyelalamika kwamba hadithi ya sungura ameshaisikia. Tuliiomba tena kwa sababu tuliijua.

Mfululizo unaoitwa Blue's Clues ulifuata njia hiyohiyo. Ulianza mwaka 1996 kwenye stesheni ya Nickelodeon, na waliouanzisha ni Angela Santomero, Todd Kessler na Traci Paige Johnson. Kijana aitwaye Steve ana mbwa wa rangi ya buluu. Mbwa huyo anataka kusema jambo, lakini hasemi kwa maneno. Anaacha alama ya unyayo wake juu ya vitu vitatu. Steve anavitafuta, anavichora kimoja kimoja katika daftari lake, kisha anakaa kwenye kiti kikubwa chekundu na kufikiri: vitu hivi vitatu vikiunganishwa vina maana gani? Katikati barua inafika, na kila inapofika wimbo wa barua unaimbwa. Kila kipindi kinapita humohumo. Kinachobadilika ni vitu vitatu na fumbo lenyewe.

Sababu yake ni hii. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kushika mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja. Anapoangalia kitu kigeni kabisa, nguvu zake zote zinakwenda kwenye maswali ya mwanzo: huyu ni nani, yuko wapi, mbona anakimbia, sasa nini kitatokea? Hakuna nafasi inayobaki kwa somo. Njia ikiwa ni ileile kila siku, maswali hayo yanakuwa yameshajibiwa kabla hajakaa chini. Anajua alama ni tatu. Anajua kiti chekundu kikija, wakati wa kufikiri umefika. Basi nguvu zake zinakwenda kwenye fumbo, na hapo ndipo somo lilipo.

Kwa mtoto aliyefika nchi hii juzi, jambo hili ni kubwa zaidi. Maneno ya Kiingereza bado ni machache kichwani mwake, lakini njia ya kipindi akiishaijua inamshika mkono. Hata asipoelewa kila neno, anajua wanachokitafuta, kwa hiyo anaweza kukisia maana ya maneno asiyoyajua.

Siku tano mfululizo

Stesheni ya Nickelodeon ilifanya jambo ambalo wakati huo halikuwa la kawaida. Ilionyesha kipindi kimoja cha Blue's Clues kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kilekile siku zote tano, na wiki iliyofuata ikaleta kingine. Mwaka 1999 watafiti, akiwamo Daniel Anderson na Alisha Crawley pamoja na Santomero mwenyewe, walichapisha matokeo ya jaribio kuhusu jambo hilo. Watoto wa miaka 3 hadi 5 waligawanywa. Wengine walikiona kipindi mara moja, wengine walikiona mara moja kila siku kwa siku tano. Waliokiona mara tano walikielewa vizuri zaidi, na jinsi siku zilivyosonga walizungumza na televisheni zaidi: walijibu maswali, walionyesha kwa kidole, walitaja jibu.

Ukikaa na mtoto wako utaona hatua hizo kwa macho yako. Siku ya kwanza anakodoa macho na kunyamaza. Siku ya pili anacheka kabla jambo la kuchekesha halijatokea, maana ameshalikumbuka. Siku ya tatu anajibu swali pamoja na watoto wa kwenye televisheni. Siku ya tano anajibu kabla hawajajibu, na anakugeukia kuona kama umemsikia. Sisi watu wazima tunadhani anaangalia kitu kimoja mara tano. Kwake yeye ni kazi tano tofauti: kutazama, kukumbuka, kutarajia, kujibu, na mwisho kuongoza.

Jambo jingine la kuangalia ni kimya. Steve anauliza swali, kisha anatazama mbele na kusubiri. Mara ya kwanza mtu mzima anaweza kudhani picha imeganda. Kimya hicho kimewekwa kwa makusudi, kwa sababu mtoto mdogo anahitaji muda wa kusikia swali, kulitafuta jibu, na kulipata neno. Mwenye lugha mbili anahitaji muda zaidi kidogo, kwani huenda neno limekuja kwanza kwa Kiswahili. Kosa letu wazazi ni kukijaza kimya hicho haraka: "Sema basi! Ni kiatu!" Ukihesabu moja hadi tano kimoyomoyo kabla ya kusema, mara nyingi utalisikia jibu likitoka lenyewe. Na likitoka kwa Kiswahili, lipokee. Jibu ni sahihi.

Wimbo ni kamba ya kuvutia jambo

Mfululizo wa pili ni Daniel Tiger's Neighborhood, ulioanza mwaka 2012 kwenye stesheni ya umma ya PBS KIDS. Santomero ndiye aliyeuanzisha huu pia. Daniel ni chui milia mdogo mwenye miaka minne, ambaye amevaa sweta nyekundu. Asili yake ni kikaragosi katika vipindi vya Fred Rogers, mzee aliyezungumza na watoto wa Marekani kupitia televisheni kuanzia mwaka 1968 hadi 2001.

Njia ya Daniel ni hii. Anakukaribisha kwa wimbo na kukuita jirani. Anakwenda mahali fulani, au mgeni anakuja. Tatizo linatokea, na ni tatizo la mtoto hasa: hataki kumwachia mwenzake mchezo, anaogopa daktari, mama anaondoka, chakula ni kigeni. Mtu mzima anakuja, anatulia, na kumwimbia wimbo mfupi sana, kama sentensi moja au mbili, unaosema la kufanya. Daniel anajaribu. Wimbo unarudi tena na tena, mwishoni Daniel anauimba mwenyewe bila kuambiwa.

Wimbo huo unatofautiana na nyimbo za kuhesabu au za herufi, kwa kuwa unabeba kitendo. Wimbo wa hasira, kwa mfano, unamfundisha mtoto kuvuta pumzi ndefu na kuhesabu hadi nne. Upo wa kumkumbusha mtoto kwamba mzazi anayeondoka hurudi, na upo wa kujaribu chakula kipya. Kwa nini wasiseme tu kwa maneno? Kwa sababu mtoto aliyekasirika hasikii maelezo. Maneno marefu yanampita. Lakini sauti ya wimbo anaoujua inamfikia, na maneno yanakuja yakiwa yamefungwa kwenye sauti hiyo, moja likilivuta jingine. Tena wimbo ni mfupi kiasi kwamba hata mzazi aliyechoka, akiwa na mtoto mchanga mgongoni na sufuria jikoni, anaweza kuuimba.

Hapa kuna baba mmoja aliyeniambia jambo la maana. Alisema, "Kwetu mtoto hasemi mbele ya mkubwa kwamba amekasirika. Huyu chui anamfundisha mwanangu utovu wa adabu." Nilimwomba tukiangalie kipindi pamoja mpaka mwisho. Tuliona kwamba Daniel anaruhusiwa kusema amekasirika, lakini haruhusiwi kupiga, kutupa vitu wala kumpigia kelele mkubwa. Mama yake anamwambia jina la kile anachokihisi, kisha anamwonyesha la kufanya nacho. Baba huyo aliona kwamba mwisho wa njia ni uleule anaoutaka yeye, yaani mtoto aliyejizuia. Alichoamua ni kwamba nyumbani kwake mtoto atasema, "Baba, nina hasira," kwa sauti ya chini na kwa heshima, kisha avute pumzi. Kila nyumba inaweza kuweka mpaka wake namna hiyo.

Kwa nini hadithi ni mbili

Kipindi kimoja cha Daniel huchukua nafasi ya nusu saa, na ndani yake mna hadithi mbili, kila moja kama dakika 11. Hadithi ni tofauti, lakini wimbo ni mmoja. Wazazi wengi huzima televisheni baada ya hadithi ya kwanza wakidhani ya pili ni ya kujaza muda. Kwa kweli hadithi ya pili ndiyo inayozuia kosa kubwa la watoto wadogo, nalo ni kushika mfano na kuliacha somo.

Kosa hilo limechunguzwa. Mwaka 2008 watafiti Marie-Louise Mares na Emily Acosta waliwaonyesha watoto wa shule ya awali kipindi cha mbwa mkubwa mwekundu aitwaye Clifford. Katika hadithi hiyo mbwa mwingine ana miguu mitatu, wenzake wanamwogopa, kisha wanajifunza kumpokea. Mtu mzima anaelewa mara moja kwamba somo ni kuwapokea watu wenye ulemavu, au walio tofauti nasi. Watoto wengi hawakufika huko. Walichoelewa ni kwamba tuwe wema kwa mbwa wenye miguu mitatu. Hawakukosea kusikiliza. Walisikiliza vizuri kabisa, ila somo lilibaki limefungwa kwenye mbwa.

Sasa tazama jinsi Daniel anavyolifungua fundo hilo. Chukua kipindi chenye hadithi mbili kuhusu hasira. Katika ya kwanza, Daniel amejiandaa kwenda ufukweni na mvua inaharibu safari. Anakasirika, anafundishwa wimbo. Katika ya pili anayekasirika ni rafiki yake Katerina, ambaye ni paka, na safari hii hakuna mvua wala ufukwe. Ni mambo ya mchezo baina ya marafiki. Wimbo ni uleule. Mtoto aliyeona hadithi ya kwanza tu anaweza kudhani kwamba kuvuta pumzi ni dawa ya mvua. Aliyeona zote mbili ameona mtu tofauti, mahali tofauti na sababu tofauti. Kilichobaki bila kubadilika ni hasira na kile kinachofanywa nayo. Hivyo ndivyo mtoto anavyoanza kutenganisha somo na hadithi yake.

Lakini hadithi mbili bado ni za kwenye kioo. Hadithi ya tatu inatakiwa itokee nyumbani kwako.

Sehemu ya mzazi

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas Tech, wakiongozwa na Eric Rasmussen, walichapisha jaribio kuhusu Daniel. Watoto wa miaka 2 hadi 6 waligawanywa. Kwa wiki mbili wengine waliangalia vipindi kumi vya Daniel, wengine waliangalia vipindi vya wanyama na mazingira. Baadaye walioangalia Daniel waliweza zaidi kutambua hisia na kuwahurumia wenzao. Faida hiyo, hata hivyo, ilionekana kwa watoto ambao wazazi wao walikuwa na desturi ya kuzungumza nao kuhusu wanayoyaona kwenye televisheni. Kuangalia tu, bila mazungumzo hayo, hakukutosha.

Ninaposimulia jambo hili, mama mmoja au wawili huinamisha vichwa. "Mimi Kiingereza sijui. Nitazungumza naye nini?" Hapa ndipo ninapotaka tuelewane vizuri. Mazungumzo hayo hayahitaji Kiingereza. Picha unaziona. Mvua unaiona inanyesha, uso wa Daniel unauona umekunjamana. Uliza kwa Kiswahili: "Ana nini huyu? Kwa nini?" Mtoto akueleze. Akikueleza kwa Kiswahili kile alichokisikia kwa Kiingereza, amefanya kazi kubwa kuliko kukikariri, kwa kuwa huwezi kueleza kwa lugha nyingine jambo usilolielewa.

Kuna hatari upande wa pili. Wimbo ukibaki Kiingereza tu, mtoto anakuwa na hasira, hofu na huzuni katika lugha ya televisheni na ya mwalimu, na kwa Kiswahili anabaki na "njoo ule" na "vaa viatu." Nimeona nyumba ambazo mtoto akifika miaka saba hana neno la kumwambia bibi yake kwamba ana huzuni. Kwa hiyo utie wimbo katika lugha yako. Usitafsiri neno kwa neno. Chukua kitendo, kitie maneno yako mafupi, na uimbe kwa sauti yoyote unayoipenda. Kwa hasira unaweza kuimba hivi: "Simama kidogo, vuta pumzi, moja, mbili, tatu, nne." Mtoto atakuwa na nyimbo mbili za kitendo kimoja. Hazitagombana kichwani mwake. Moja ataitumia shuleni na nyingine kwa bibi.

Wiki moja, kipindi kimoja

Tuseme mtoto wako ana miaka mitatu na nusu, na anapiga wenzake akinyang'anywa kitu. Chagua kipindi hicho kimoja cha hasira. Vipindi vya PBS KIDS hupatikana bure kwa antena na kwa programu ya simu ya stesheni hiyo. Usitafute kingine wiki hiyo.

Siku ya kwanza, kaeni pamoja mkiangalia hadithi zote mbili. Usifundishe chochote. Taja tu majina: huyu ni Daniel, huyu ni rafiki yake, hii ni mvua. Sema neno "hasira" uso wa Daniel unapobadilika.

Siku ya pili, angalieni tena. Kabla mvua haijaanza, uliza: "Sasa nini kitatokea?" Subiri. Asipojibu, usimsukume.

Siku ya tatu, wimbo unapoimbwa, imba wa Kiswahili mara tu wao wanapomaliza, na muvute pumzi kweli, mabega yapande na kushuka. Mwili wa mtoto unatakiwa ukijue kitendo. Jioni, wakati wa kuoga, akiwa ametulia, imbeni tena bila televisheni. Ni muhimu aimbe akiwa na amani kwanza. Wimbo unaosikika tu wakati wa ugomvi utageuka kuwa fimbo, na mtoto atauchukia.

Siku ya nne, acha televisheni. Chukua vikombe viwili au vitambaa viwili, vifanye watu, na umwambie hadithi: kikombe hiki kimenyang'anywa kijiko chake, kimekasirika. Kifanye nini? Hiyo ndiyo hadithi ya tatu niliyoitaja.

Siku ya tano, angalieni mara ya mwisho, na mwache yeye akusimulie kwa Kiswahili kinavyokwenda. Kaka na dada wakubwa wakae kimya wamwachie zamu yake.

Kisha subiri tukio la kweli. Dada yake amechukua gari lake la kuchezea, na mkono umeshanyanyuka. Ushike mkono kwa upole na uanze wimbo, mstari wa kwanza tu. Usitarajie atulie siku hiyo. Mara nyingi za mwanzo ataendelea kulia, na utaimba peke yako. Dalili ya kwanza ya mabadiliko huwa ndogo: atauvuta wimbo baadaye, baada ya kulia, au utamsikia akimwimbia mwanasesere. Huko ndiko unakoanzia. Kuutumia katikati ya hasira yenyewe ni hatua ya mwisho, na huchukua wiki nyingi.

Kujua kama anajifunza au anakariri tu

Mtoto anaweza kuimba wimbo mzima bila kujua unasema nini. Kuna njia tatu rahisi za kupima. Mwulize Daniel aliimba kwa sababu gani. Akitaja mvua, hasira, au kunyimwa kitu, ameshika. Mwulize wakati mwingine, mkiwa basini, mtu akiwa na hasira afanye nini. Akijibu bila televisheni mbele yake, somo limetoka kwenye kioo. Na tazama kama anambadilishia wimbo jina au mahali, kwa mfano kumwimbia mdogo wake aliyekasirika. Asipoweza hata moja, usikasirike. Rudi kwenye hadithi ya vikombe.

Jambo linaloharibu mpango huu zaidi ni simu kujiendesha yenyewe. Katika YouTube kipindi kimoja kikiisha kingine kinaanza bila mtu kugusa, na dakika chache baadaye mtoto yuko kwenye video ya rangi na kelele isiyo na hadithi, wala swali, wala kimya cha kujibu. Video hiyo nayo inarudiarudia, lakini haimpi mtoto cha kutarajia. Ijue kwa dalili hii: mtoto hasemi chochote, haonyeshi kidole, na ukiizima analia lakini hawezi kukuambia alichokuwa akikiangalia. Nenda kwenye mipangilio ya simu na uzime uchezaji wa kujiendesha, au tumia programu ya stesheni yenyewe.

Jambo la pili ni umri na muda. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, kilishauri watoto wa miaka 2 hadi 5 wasizidishe saa moja kwa siku ya vipindi vizuri, wakiangalia pamoja na mkubwa. Walio chini ya miezi 18 wasiwekewe televisheni kabisa. Kuzungumza na ndugu kwa video hakuna shida. Mtoto mchanga bado anapata shida kuhamisha anachokiona kwenye kioo kwenda kwenye maisha. Kwake yeye uso wako ndio kipindi.

Mwisho, kwa wale wanaotaka mtoto asikie njia hiihii kwa Kiswahili tangu mwanzo, upo mfululizo wa Akili and Me, unaotengenezwa Tanzania na Ubongo. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Anapolala anaingia nchi ya ndoto iitwayo Lala Land, ambako anajifunza herufi, namba na mambo ya moyoni pamoja na marafiki zake wanyama. Mlango wa usingizi ni uleule kila mara, na nyimbo zipo. Tafuta toleo la Kiswahili, kwani lipo pia la Kiingereza. Unaweza kumwekea Akili wiki moja na Daniel wiki nyingine. Kipindi kiwe kimoja kwa wiki, na mtu mmoja mkubwa akae pembeni yake akiuliza na kusubiri jibu.